Ombi na Tarehe Vitangulie
Maneno ya hotuba juu ya kupanga upya barua ya shauri, kwa wakazi wa Kakamega



Mgeni aingiaye katika boma la mzee huko Shinyalu au Malava hasemi haja yake mlangoni. Hukaribishwa kiti, akaulizwa habari za mvua, za mahindi, za ng'ombe na za watoto, naye huuliza vivyo hivyo. Chai huletwa. Hata mazungumzo yakitulia, ndipo mzee humgeukia na kusema, "Haya, mwanangu, ni neno gani lililokuleta?" Hiyo ndiyo adabu, na mtu anayeirukia haja yake kabla ya kuulizwa huonekana kama hakulelewa.

Watu wengi huandika barua kwa adabu hiyo hiyo. Huanza kwa salamu, wakaingia katika habari za ukoo, wakasimulia jambo tangu asili yake, na haja yenyewe wakaiacha mwisho wa ukurasa wa pili au wa tatu. Lakini karatasi haina mzee wa kuiuliza ililetwa na neno gani. Karani anayeifungua ana nyingine ishirini mezani, na kila moja huitazama juu ili ajue ni ya nani na yataka nini. Akikuta juu habari za mvua, huiweka kando aisome akipata nafasi. Ikiwa barua ile ilikuwa na siku ya mwisho, siku ile yaweza kupita barua ikiwa bado kando.

Wala kuonyesha mahali neno linapoanzia si desturi ya kigeni. Waswahili wa pwani, walioandika barua zao kwa herufi za Kiarabu, walianza kwa salamu ndefu na sifa za anayeandikiwa, kisha wakatia neno "wabaadu", yaani "na baada ya hayo". Msomaji mwenye haraka aliweza kulitafuta neno hilo kwa jicho na kuanza kusoma hapo. Barua nyingi za siku hizi zimeihifadhi salamu ndefu, bali neno lile la kuonyesha njia zimelipoteza.

Na tuchukue barua moja ya mfano tuitengeneze hatua kwa hatua. Imetungwa kwa ajili ya mafundisho haya, lakini jambo lililomo ni la kila mwaka katika kaunti hii, nalo ni shamba la marehemu.

Binti mmoja wa Shinyalu anafanya kazi ya kushona nguo huko Mombasa. Mama yake alifariki kwanza, na baba yake akamfuata, akiacha shamba la ekari tatu na watoto wanne. Kaka mkubwa amepeleka ombi katika mahakama ya Kakamega ili awe msimamizi wa mali ya marehemu, na katika karatasi zake ametaja watoto watatu. Binti hakutajwa, kwa kuwa ameolewa. Tangazo la ombi lile likachapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali siku ya Ijumaa, tarehe 6 Machi 2026, likisema kwamba mwenye pingamizi alilete katika muda wa siku 30. Siku ya Jumatatu, tarehe 16, binti akapigiwa simu na binamu yake aliyeliona tangazo hilo limebandikwa mahakamani. Siku mbili baadaye akaandika kwa chifu wa lokesheni ya kwao barua hii:

"Bwana Chifu, salaam nyingi sana. Natumaini u mzima wewe na jamaa yako yote na wafanyakazi wa ofisi. Huku Mombasa sisi tu wazima ila joto ni kali. Bwana Chifu, wewe unamjua baba yangu tangu zamani, na ulikuja katika mazishi yake ukanena maneno mema ambayo sitayasahau. Wakati baba alipokuwa mgonjwa mimi ndiye niliyetuma fedha za dawa, na risiti ninazo. Kaka yangu hakutoa kitu, na hata yule ng'ombe aliyeuzwa hatukuambiwa fedha zake zilikwenda wapi. Tena alinitukana mbele ya watu siku ya matanga. Sasa nimesikia amekwenda kortini kwa habari ya shamba na jina langu halimo, na watu wanasema kuna siku zimewekwa. Mimi ni mtoto wa baba kama wengine. Hata mke wa kaka hanisalimu. Kwa hiyo naomba unisaidie katika jambo hili mapema iwezekanavyo, na umwambie kaka aache dharau. Mungu akubariki."

Katika barua hiyo hakuna uongo hata mmoja, na mwenye moyo akiisoma atamhurumia. Lakini chifu akimaliza kuisoma, afanye nini? Amwite kaka? Aandike kitu? Aende mahakamani? Na lini? "Mapema iwezekanavyo" si tarehe. Kwa chifu mwenye baraza siku ya Alhamisi na ugomvi wa mpaka siku ya Ijumaa, maneno hayo maana yake ni juma lijalo, au lile la baada yake.

Hatua ya kwanza ya kuitengeneza barua ya namna hii ni kuisoma upya ukiwa na kalamu, na kupiga mstari chini ya kila neno la kuomba. Usisahihishe kitu kingine kwanza. Katika barua ya binti mistari itakuwa miwili: "unisaidie katika jambo hili", na "umwambie kaka aache dharau". Ombi la kwanza halina umbo. La pili lina umbo, lakini si lililomfanya binti ashike kalamu. Ndivyo ilivyo kwa barua nyingi za kuzungukazunguka: mwandishi anakuwa bado hajajua anataka nini hasa, na ule mzunguko wote ni njia yake ya kulitafuta neno. Basi rasimu ya kwanza si kazi bure, mradi isitiwe katika bahasha.

Hatua ya pili ni kujiuliza: huyu ninayemwandikia, kwa cheo chake, aweza kufanya nini? Hapa binti anakutana na jambo kubwa kuliko mtindo wa barua. Chifu hawezi kuzuia ombi lililo mahakamani. Pingamizi hupelekwa mahakamani penyewe, mahali ombi lilipofunguliwa, kwa fomu yake ambayo ni Fomu nambari 76, katika nakala tatu, ikitaja jina na anwani ya mwenye kupinga, uhusiano wake na marehemu, na sababu za kupinga. Barua kwa chifu haisimamishi siku 30 hata moja. Wengine wameandika kwa chifu, kwa mbunge na kwa mchungaji, wakarudi kukaa wakidhani wamekwisha kupinga, na kumbe mahakamani hakuna karatasi yao yoyote.

Hata hivyo yako jambo moja ambalo chifu aweza kulifanya, nalo ni la thamani. Aweza kuandika barua ya kuwatambulisha warithi, akitaja watoto wote wa marehemu, waume kwa wake. Mahakama huitegemea sana barua ya namna hiyo, kwa sababu sheria hutaka anayeomba usimamizi ataje wajane na watoto wote wa marehemu walio hai. Na Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, inapogawa mali ya mzazi asiyeacha wosia wala mjane, huwagawia watoto kwa usawa, bila kumtenga binti kwa sababu ameolewa. Basi ombi la binti kwa chifu ni hili moja: barua ya kuwatambulisha warithi wote wanne.

Hatua ya tatu ni tarehe, na hapa wengi huteleza. Siku 30 huhesabiwa kuanzia siku inayofuata ile ya tangazo. Tangazo likiwa la tarehe 6 Machi, siku ya kwanza ni tarehe 7, na siku ya 30 ni tarehe 5 Aprili. Lakini tarehe 5 Aprili 2026 ni Jumapili ya Pasaka, na siku ya pili yake ni sikukuu ya Serikali. Sheria ya kuhesabu siku huusogeza mwisho hadi siku ya kazi inayofuata, yaani Jumanne tarehe 7. Mwenye busara haiegemei siku hiyo, maana karani yeyote aweza kubisha, na foleni baada ya Pasaka ni ndefu. Kwa kuwa Ijumaa tarehe 3 nayo ni Ijumaa Kuu, siku ya kazi ya mwisho kabla ya sikukuu ni Alhamisi, tarehe 2 Aprili. Hiyo ndiyo siku ambayo binti anapaswa kuwa amekwisha kuweka fomu yake mahakamani.

Je, tarehe 2 Aprili ndiyo iandikwe katika barua ya chifu? Hapana. Barua ya chifu ikiwa tayari siku hiyo jioni haina faida tena. Binti anahitaji siku kadhaa za kuichukua, kuambatisha nakala na kula kiapo. Basi tarehe ya chifu iwe Ijumaa, tarehe 27 Machi. Katika barua ziandikwe zote mbili: ile anayoombwa chifu, na ile ya mahakama inayoifanya ya kwanza iwe ya lazima. Mtu akipewa tarehe tupu hudhani ni matakwa ya mwandishi tu. Akipewa na sababu yake, huona mwenyewe kwamba kuichelewesha kutamwumiza mtu.

Baada ya hayo matatu, kuandika upya ni kazi nyepesi. Salamu hubaki, kwa mstari mmoja. Kisha kichwa cha barua, kisha ombi na tarehe katika aya ya kwanza. Habari za nyuma hufuata, nazo huchujwa kwa swali moja: je, chifu anahitaji kulijua jambo hili ili aandike barua ile? Kwamba watoto ni wanne, anahitaji. Kwamba alikuwapo mazishini, inafaa kutajwa, kwa maana yaonyesha kwamba aliwaona watoto wote kwa macho yake. Fedha za dawa ni jambo la siku ya kugawana au kulipana, na risiti zake zitunzwe kwa siku hiyo. Ng'ombe aliyeuzwa ni swali la kumwuliza msimamizi baadaye. Matusi ya matanga na salamu za wifi ni mambo ya wazee wa ukoo. Hayatupwi kwa kuwa ni madogo, maana kwa binti si madogo hata kidogo. Yanaondolewa kwa sababu yakibaki, chifu atadhani ameletewa ugomvi wa ndugu, naye ataufanyia kile afanyacho kwa ugomvi wa ndugu: atawaita wote wawili barazani, siku yenye nafasi.

Barua mpya ikawa hivi:

"Kwa Bwana Chifu,
Salaam kwako na kwa ofisi yako.

KUH: BARUA YA KUWATAMBULISHA WARITHI, INAYOHITAJIKA KABLA YA 27 MACHI 2026

Naomba uniandikie barua ya kuwatambulisha watoto wote wanne wa marehemu baba yangu, ili niichukue ofisini kwako siku ya Ijumaa, tarehe 27 Machi 2026, au kabla yake. Naihitaji tarehe hiyo kwa sababu napaswa kuweka pingamizi katika mahakama ya Kakamega kufikia Alhamisi, tarehe 2 Aprili, kabla ya sikukuu ya Pasaka. Siku 30 zilizowekwa katika tangazo zinakwisha Jumapili ya Pasaka.

Marehemu aliacha watoto wanne, wanaume wawili na wanawake wawili, ambao majina na nambari zao za kitambulisho nimeziandika chini ya barua hii. Mama yetu alitangulia kufariki. Wewe mwenyewe ulikuwapo katika mazishi ya baba, na watoto wote wanne tulisimama mbele ya kaburi.

Kaka yangu mkubwa ameomba usimamizi wa mali. Ombi lake lilitangazwa katika Gazeti Rasmi tarehe 6 Machi 2026, nalo linataja watoto watatu. Jina langu halimo. Nambari ya shauri na nakala ya tangazo nimeziambatisha.

Ikiwa kuna jambo linalokuzuia kuiandika, tafadhali nijulishe kabla ya tarehe 25 kwa nambari ya simu iliyo hapa chini, nipate kutafuta njia nyingine.

Wako mtiifu."

Jambo moja halikuwamo kabisa katika rasimu, nalo ni ile aya ya mwisho. Anayeombwa kitu kwa siku maalumu hupewa pia njia ya kukataa mapema, kwa kuwa "hapana" ya tarehe 24 ni bora kuliko kimya cha tarehe 27. Chifu aweza kuwa na sababu njema. Pengine yeye mwenyewe ndiye aliyemwandikia kaka barua yenye majina matatu, kwa kuwa aliambiwa hivyo, na sasa aona aibu kuirekebisha. Barua isiyo na lawama humfungulia mlango wa kuirekebisha bila kuaibika. Hii nayo ni sababu ya kuyaacha matusi nje.

Kuna njia ya kujua kama kazi imefanyika. Funika barua kwa karatasi kuanzia aya ya pili kwenda chini. Mpe mtu asiyelijua jambo hilo, hata mtoto wa darasa la saba, asome kilichobaki juu, kisha umwulize: nani anaombwa, anaombwa nini, mpaka lini, na kwa nini siku hiyo? Akijibu yote manne bila kuifunua karatasi, barua iko tayari. Akisema, "Anaomba msaada," rudi kwenye kalamu. Binti wa mfano wetu akimpa jirani yake wa Mombasa rasimu ile ya kwanza namna hiyo, jirani atasema tu kwamba joto ni kali.

Mpango huu una mipaka yake, na asiyeijua atawaudhi watu. Barua ya rambirambi haina ombi wala tarehe ya kutangulizwa. Barua kwa mama mkwe, au kwa mjomba anayeombwa awe msemaji wa ukoo katika mahari, yafaa ipite njia ndefu ya salamu, maana kwao salamu ni sehemu ya ombi lenyewe. Na binti huyu akitaka kumwandikia kaka yake wapatane, asianze kwa tarehe 2 Aprili, kwa sababu kaka atasikia vita. Kutanguliza ombi ni desturi ya kumwandikia mtu wa kazi aliye na barua nyingi, mwenye uwezo wa kutenda jambo moja lililo wazi.

Na ikiwa siku zimekwisha kupita? Barua hupangwa vivyo hivyo, ila ombi hubadilika. Sheria huiruhusu mahakama kuongeza muda wa kuleta pingamizi, na hata baada ya hati ya usimamizi kutolewa, aliyefichwa aweza kuomba ifutwe. Lakini njia hiyo ni ngumu zaidi na ina gharama, na huenda shamba limekwisha kukatwa na kuuzwa. Hapo neno la kwanza la barua huwa ni kuomba muda, la pili ni sababu ya kuchelewa pamoja na tarehe mtu alipopata habari, na shamba lenyewe huja la tatu. Binti aliyepata habari tarehe 16 Machi na kuandika tarehe 18 ana maelezo mazuri ya kutoa. Aliyepata habari tarehe 16 Machi akaandika mwezi wa Agosti, ataulizwa alikuwa wapi.

Limebaki neno la kupeleka. Barua ipelekwe kwa mkono ikiwezekana, kwa nakala mbili, na nakala moja igongwe mhuri wa ofisi wenye tarehe ya kupokelewa. Binti aliye Mombasa aweza kumtuma binamu yake yule yule aliyempigia simu. Wengi siku hizi hutuma picha ya barua kwa simu, na chifu huiona kwanza kama mistari miwili au mitatu ya ujumbe kabla ya kuifungua. Mistari hiyo ikisema, "Bwana Chifu, salaam nyingi sana, natumaini u mzima," yeye hujibu salamu na kuendelea na safari yake. Binti aandike hivi: "Salaam, Bwana Chifu. Naomba barua ya kuwatambulisha warithi kabla ya Ijumaa, tarehe 27 Machi. Maelezo yamo katika picha." Habari za mvua watazungumza siku atakapokuja kuichukua.